Acheni Kutuambia "Anza na Thao"

Nianze na aibu yangu mwenyewe ndio mtu asiseme naongea juu ya vitu sijafanya.

Mwaka jana, Agosti 2025, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa ile sheria ya kununua hisa mia mia. Kabla ya hapo, oda ya kawaida ilikuwa lazima iwe hisa 100 kwenda juu, na ukiwa na chini ya hapo unatupwa kwa ubao wa pembeni wenye wanunuzi wa kuhesabu na vidole. Tangu tarehe 8 Agosti, unaweza kununua hata hisa moja. Moja tu. Mitandaoni ikawa sherehe. Kila mtu mwenye taa ya duara na simu akapiga video: "Soko limefunguliwa kwa vijana! Huna kisingizio! Anza na thao moja!"

Mimi nilikuwa kwa balkoni hapa Milimani, nimetoka kulipwa kakazi ka kuedit video ya harusi, nikaona sawa. Thao yangu ikaenda. Hisa 40 za Safaricom. Nimezungusha bei iwe shilingi 25 ili hesabu zikae kichwani bila kikokotoo, na hisa 40 kwa 25 ni elfu moja kamili.

Baadaye ikaingia barua pepe yenye karatasi inaitwa "Contract Note". Hiyo ndiyo risiti ya broka. Wengi wetu huwa hatuifungui. Mimi niliifungua kwa sababu salio lilikuwa limeniletea shida: niliambiwa nimetumia shilingi 1,103.40.

Mia moja na tatu juu ya elfu. Asilimia kumi imeenda kabla soko lifanye chochote.

Nilidhani ni makosa. Nikapiga simu kwa broka (jina lake sitaji, na kusema ukweli hakunidanganya, ilikuwa imeandikwa mahali). Dada wa huko akaniambia kwa upole sana, "Kamisheni yetu ni asilimia 1.76, lakini ya chini kabisa ni shilingi mia moja kwa kila oda." Nikamuuliza, "Kwa hivyo hata nikinunua hisa moja?" Akasema, "Hata ukinunua hisa moja."

Sasa hapo ndipo ninataka tukae leo. Kwa sababu wale wasee wa video walitusomea sehemu ya kwanza ya hiyo sentensi na kuacha ya pili. Soko liliondoa geti la hisa 100. Geti la soo moja likabaki palepale. Na hili la pili ndilo linalokula mtu mdogo.

Wacha niiweke vile anti yangu alivyoiweka. Anti ana biashara ya omena, ananunua kwa jumla na kuuza kwa gorogoro. Nilimweleza hii stori jioni moja nikilalamika, na hakungoja nimalize. "Kwani wewe ulilipa tuktuk mia kwenda kununua nyanya za elfu moja, halafu utalipa tuktuk mia tena kuzirudisha? Ukinunua gunia, tuktuk ni ileile mia." Alirudi kwa simu yake. Kwake hilo halikuwa jambo la kujadili.

Anti hajui broka ni nani. Lakini alikuwa amemaliza somo zima la ada isiyobadilika: nauli ni ileile, mzigo ndio unaamua kama ni ghali. Mimi nilihitaji jioni nzima na jedwali kwa simu ndio nifike alipofika.

Basi twende kwa jedwali, na ninaahidi halitauma.

Kuna vitu viwili vinakatwa ukinunua hisa. Cha kwanza ni kamisheni ya broka: asilimia 1.76 ya thamani ya oda, au shilingi 100, ile iliyo kubwa. Cha pili ni tozo ndogondogo za soko lenyewe, za mamlaka ya masoko ya mitaji, za ile kampuni inayotunza hisa zetu, na za mfuko wa fidia. Zote zikijumlishwa ni kama asilimia 0.34. Ukiweka pamoja, ndio unapata ile asilimia 2.1 inayotajwa kila mahali. Ukipita laki moja kwa oda, kiwango hushuka kidogo, lakini mimi na wewe tuache hilo kwa wenye laki.

Kwa simu yako, fungua Google Sheets, weka thamani ya oda kwa A2, halafu andika hivi:

```
=MAX(100, 0.0176*A2) + 0.0034*A2
```

Hiyo ni gharama ya upande mmoja. Na usisahau kuna pande mbili, kuingia na kutoka. Hakuna mtu hutengeneza video ya kutoka.

Sasa rudi kwa hisa zangu 40. Tuseme zimepanda kutoka 25 hadi 28.75. Hiyo ni asilimia 15. Kwa hisa, asilimia 15 si mchezo, mtu anaweza kuvaa suti kwa sababu hiyo. Nauza. Hisa 40 kwa 28.75 ni shilingi 1,150. Broka anakata soo yake, tozo zinakata 3.91, nabaki na 1,046.09.

Nilitoa 1,103.40. Nimepata 1,046.09. Nimepoteza shilingi 57.31 kwa hisa iliyopanda asilimia 15.

Halafu pesa ikifika M-Pesa, nikitaka kuitoa kwa ajenti ninalipa 29. Sasa nimepoteza 86.31. Kwenye skrini apu inaniwekea rangi ya kijani, "+15%", kama mtu anakupongeza kwa matanga.

Chukua mtu mwingine, hisa ileile, siku ileile, bei zilezile, lakini yeye aliingia na 6,000. Kununua kunamgharimu 126. Kuuza kwa 6,900 kunamgharimu 144.90. Faida yake ni shilingi 629.10, na akitoa yote kwa ajenti kwa 87 anabaki na 542.10. Si kwamba ana akili kuliko mimi. Hakuchagua hisa bora. Alibeba gunia kwa tuktuk ileile.

Sasa swali la maana ni hili: nauli inaacha kuumiza wapi?

Kuna majibu mawili na watu huyachanganya, kwa hivyo twende polepole. Jibu la kwanza ni rahisi. Ile soo inageuka kuwa asilimia 1.76 ya kawaida ukifika wapi? Gawanya 100 kwa 0.0176. Unapata 5,682. Chini ya hapo unalipa zaidi ya bei iliyotangazwa. Juu ya hapo unalipa kama kila mtu. Kwa hivyo kila mtu akikwambia "kamisheni ni asilimia 1.76 tu", muulize kama anajua hiyo ni bei ya watu wa 5,682 kwenda juu. Mimi wa thao nililipa asilimia 10.

Jibu la pili ndilo nilikuwa silijui. Hisa yako inahitaji kupanda kiasi gani ndio utoke sare, yaani usipate, usipoteze, kuingia na kutoka? Nilipiga hesabu bila hata kuweka M-Pesa. Ukiingia na 500, hisa lazima ipande karibu asilimia 41. Ukiingia na 1,000, asilimia 21. Na 2,000, karibu 11. Na 3,000, kama 7.4. Ukifika 6,000, inakuwa 4.3, na kuanzia hapo mstari unalala. Ukiweka 50,000 bado ni 4.3.

Angalia vile huo mstari unashuka. Kutoka 500 hadi 3,000 ni kama kushuka Riat bila breki, halafu ghafla uko Kisumu na kila kitu ni tambarare. Kwa hivyo huhitaji kuwa tajiri, na hilo ndilo linanikera zaidi. Tofauti kati ya kuibiwa na kutoibiwa si laki tano. Ni kama shilingi elfu tano. Mtu angetuambia tu, tungengoja.

Unaweza pia kuigeuza. Badala ya kuuliza "hisa ipande kiasi gani", sema unatarajia ipande kiasi fulani, halafu uliza "niingie na ngapi". Kanuni ni hii, na r ni kile unachotarajia:

```
V = 200 / (r - 0.0068)
```

Ile 200 ni soo mbili za broka, kuingia na kutoka. Ile 0.0068 ni tozo za soko mara mbili. (Kuna punje ya tofauti kwa sababu upande wa kuuza ni mkubwa kidogo, lakini haitakuua.) Ukitarajia asilimia 10, yaani r ni 0.10, V inakuja karibu 2,150. Chini ya hapo, hata ukiwa sahihi kabisa kuhusu hisa, umepoteza. Ukitarajia asilimia 5, lazima uingie na kama 4,630.

Na ukitarajia asilimia 4? Hapa ndipo kanuni inakudanganya ukiifuata kama kipofu. Itakupa 6,024, na utafurahi, utaenda kutafuta 6,024. Lakini ukishapita 5,682 ile soo haipo tena, sasa unakatwa asilimia. Kuingia 2.1, kutoka 2.1, jumla 4.2. Huwezi kupata faida ya asilimia 4 kwa kitu kinachokatwa 4.2. Chini ya laki moja kwa oda, hakuna kiasi chochote cha pesa kitakachoiokoa hiyo biashara.

Sasa wale wanaotufundisha kwa video kununua Jumatatu na kuuza Alhamisi, "chukua asilimia tatu zako uende", naomba mtu awaulize hizo tatu zinatoka wapi. Kwa viwango hivi, kila mara umechukua asilimia tatu umelipa 4.2 kuzichukua. Ukifanya hivyo mara kumi umekuwa mfadhili wa broka.

M-Pesa nayo ina ngazi zake, na ngazi ni mbaya kuliko mteremko. Turudi kwa yule wa asilimia 10 aliyehitaji 2,150. Akitoa pesa kwa ajenti, ada ya kutoa kati ya 101 na 2,500 ni 29, kwa hivyo sasa anahitaji kugawanya 229 badala ya 200. Inakuja karibu 2,457. Sawa, anaingia na hiyo. Lakini akiuza, pesa inayorudi ni kama 2,594, na hapo ameruka ngazi: kutoka 2,501 hadi 3,500 ada ni 52. Kwa hivyo 2,457 haitoshi tena, lazima iwe karibu 2,704. Unakimbiza mstari, nao unakimbia. Dawa yake ni ndogo sana: usitoe. Lipa vitu dukani kwa till moja kwa moja kutoka kwa simu, au toa 2,500 tu uache iliyobaki. Hiyo ni shilingi 23 umeokoa kwa kutokuwa na haraka.

Kwenye kodi sasa, ambapo najua mtanirushia mawe.

Tulikuwa barabarani Juni 2024. Mswada wa Fedha ule ulitaka kupandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa kutoka asilimia 15 hadi 20, pamoja na mambo mengine mengi, na ukaondolewa. Sisemi tulikosea, na kuna watu hawakurudi nyumbani, kwa hivyo hili silichezei. Lakini wacha nifanye hesabu ya hilo jambo moja tu, la huu ushuru, kwa mtu mwenye hisa za thao. Kwenye ile 29 ya kutoa pesa, kama 3.78 ni ya serikali. Ingepanda hadi asilimia 20, ningeongezewa shilingi 1.26. Faida yenyewe ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji kwa sasa. Gawio linakatwa asilimia 5 kabla halijakufikia, basi.

Na broka? Broka amechukua 200. Kwa safari yangu yote ya kununua na kuuza, jumla ya makato ya sokoni ilikuwa 207.31, na 200 kati ya hizo ni ile soo mara mbili. Zaidi ya asilimia 96. Tumejifunza kusoma mswada wa fedha kifungu kwa kifungu, tunajua nani alipiga kura gani, lakini ukurasa mmoja wa viwango vya broka hatujawahi kufungua. Mimi pia sikufungua. Nilikuwa na hasira na serikali kwa shilingi 1.26 na nikampa mtu 200 nikisema asante.

Najua broka atajibu nini, na ana haki yake, kwa hivyo nimsemee. Asilimia 1.76 ya elfu moja ni shilingi 17.60. Kwa hiyo 17.60 anatakiwa kupeleka oda, kutuma risiti, kuhakikisha pesa na hisa zimebadilishana siku tatu baadaye, kumlipa yule dada mpole wa simu, na kujibu maswali ya watu kama mimi. Haitoshi. Soo ni gharama ya kweli, si ulafi mtupu. Nakubali.

Lakini basi usinitafute. Kama oda ya thao inakutia hasara bila kunikata asilimia 10, usiweke tangazo la kijana wa kibanda cha chipsi anatabasamu na "anza na kiasi chochote". Sema "anza na elfu sita". Tangazo litakuwa baya lakini litakuwa kweli. Na kwenye apu, kabla nibonyeze kitufe cha BUY, niandikie kwa asilimia: "Ada ya oda hii ni 10.3% ya pesa yako." Una hiyo namba tayari. Kompyuta yako inaijua kabla yangu. Kwa nini inakuja kwa barua pepe baada ya kununua?

Sasa kuna ushauri mmoja unaokaa kama busara, na huo ndio unaumiza zaidi kwa sababu unawapata wale wenye nidhamu. "Nunua kidogo kila wiki, usijali bei." Huko nje ambako ada ya kununua ni sifuri, huo ni ushauri mzuri. Watu wetu wameuchukua mzima mzima kutoka kwa video za Marekani na kuutupa Kisumu kama ulivyo.

Weka 1,000 kila wiki kwa mwaka mmoja, na kila oda inakatwa soo. Wiki 52, shilingi 5,200. Kumi kwa mia ya akiba yako ya mwaka mzima, na hujauza hata hisa moja. Sasa ile pesa ileile, ingoje. Ikifika 6,000, nunua mara moja. Kamisheni ya mwaka mzima inakuwa kama 915.

"Lakini nikingoja bei inapanda!" Hiyo ndiyo huwa naambiwa, na ni swali zuri, kwa hivyo nililipigia hesabu badala ya kubishana. Tuseme hisa inakua asilimia 12 kwa mwaka, na pesa yako inayongoja haipati chochote kabisa, imelala. Elfu ya kwanza inangoja wiki tano, ya pili wiki nne, tatu, mbili, moja, ya mwisho haingoji. Jumla ya faida uliyokosa kwa hizo wiki ni kama shilingi 35. Na ulichookoa kwa kununua mara moja badala ya mara sita ni 494. Unabadilisha 35 upate 494. Na ukiiweka hiyo pesa inayongoja kwa mfuko wa soko la fedha, hata hizo 35 zinapungua, ingawa riba yake inakatwa kodi asilimia 15.

Kuna njia moja unaweza kufanya haya yote vizuri na bado uliwe. Nilikutana nayo mara ya pili. Niliweka oda kubwa kidogo ya hisa isiyochangamka, na nikaweka bei yangu mwenyewe. Siku hiyo ikapata nusu, kesho yake nusu nyingine. Barua pepe mbili, "Contract Note" mbili, soo mbili. Oda yangu ya 5,000 ilikuwa imegeuka oda mbili za 2,500 bila kuniuliza. Kwa hivyo sasa nachagua hisa zenye watu wengi, naangalia kwanza kama kuna wauzaji wa kutosha kwa bei ninayotaka, na kama oda imejazwa nusu jioni naamua mwenyewe kama nusu ya pili inastahili soo nyingine. Utajua yamekupata ukihesabu risiti: oda moja, risiti mbili, umelipa nauli mara mbili.

Pia jedwali langu halijui tofauti kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, na kwa hisa zilizolala hiyo pengo inaweza kukuuma kama ada. Na viwango vya broka wako si lazima viwe vya wangu. Kuna wenye kiwango cha chini tofauti, na kama wako hana kabisa, basi weka sifuri mahali pa 100 na utaona mtu wa thao anatoka sare kwa 4.3 kama tajiri. Usichukue namba zangu. Chukua risiti yako, gawanya makato kwa thamani ya oda, na uone ni asilimia ngapi kweli.

Mnaniuliza zile hisa 40 nilifanya nini. Bado ninazo. Nikiziuza leo nalipa soo nyingine, kwa hivyo kuziuza peke yake ni ujinga wa pili juu ya wa kwanza. Safaricom walitoa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka wao wa fedha ulioisha Machi 2025. Kwa hisa 40 hiyo ni 48, toa kodi, 45.60. Wakiendelea hivyo, gawio litachukua kama miaka minne na nusu kurudisha nauli ya kwenda na kurudi. Nitaziongezea nyingine hadi mzigo ustahili tuktuk, ndio niuze zote kwa oda moja.

Mfuko wangu wa kungoja sasa uko na 4,300. Nimebakisha kama wiki mbili. Kaka mmoja wa Tom Mboya alinitumia ujumbe juzi, "Omera, soko linakimbia na wewe umekaa tu." Nimemtumia ile kanuni, hajajibu.

Wewe fungua ile barua pepe ya kwanza kabisa ya broka wako, ile hukuwahi kufungua. Tuwekee hapa oda ilikuwa ya ngapi na walikata ngapi. Ficha namba yako ya akaunti ya CDS.